Mtu Niliyemruka Siku ya Kuaga

Katika chuo chetu, mtu wa kusema maneno ya kuaga siku ya mahafali hakuwa mwenye maneno mengi. Ilikuwa kinyume. Mwalimu wetu wa useremala alikuwa na msemo wake kwamba mtu anayeongea sana huwa hajaona kitu, kwa sababu macho na mdomo havifanyi kazi kwa pamoja. Basi kila mwaka, wahitimu wakikaribia kuondoka, darasa la useremala lilimtafuta mkimya kuliko wote na kumpa kazi hiyo. Mwaka wetu walinichagua mimi.

Chuo chenyewe kilikuwa kidogo, nje kidogo ya mji wa Njombe. Kilipokea hata sisi tulioishia darasa la saba. Nyumbani kwetu ni Yakobi, na baada ya shule ya msingi nilikuwa nimekaa miaka mitatu nikilima viazi na baba kabla ya mchungaji wetu kuniombea nafasi. Karakana ya useremala ilikuwa na madirisha yasiyofungika vizuri, na asubuhi ukungu uliingia humo ukakaa juu ya meza za kazi. Tulianza kupiga randa tukiwa na makoti.

Siku ya kuchagua msemaji nilijificha nyuma ya rundo la mbao. Aliyenitoa huko ni rafiki yangu, kijana wa Makambako, ambaye tulitumia meza moja ya kazi.

"Huyu hapa," alisema, akinivuta kwa mkono wa koti. "Hasemi, lakini anaona. Juzi aliniambia mwalimu akikasirika anafuta miwani hata kama ni safi. Nani mwingine aliona hilo?"

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni. Akaivua miwani, akataka kuifuta, akajizuia. Darasa zima likacheka, naye akasema, "Huyo huyo. Andikeni jina lake."

Lazima nieleze maneno ya kuaga yalikuwa nini kwetu, maana vyuo vingine havina. Wahitimu wote wana risala. Risala husomwa mbele ya mgeni rasmi, inataja mafanikio ya chuo na changamoto zake, maji hayatoshi, mashine ya kuranda ni mbovu, na huandikwa kwa heshima mpaka haina mtu ndani yake. Risala aliisoma msichana wa darasa la ushonaji. Maneno ya kuaga yalikuwa kitu kingine. Yalikuja baada ya vyeti na kabla ya chakula, na yalikuwa utani mtupu. Msemaji anasimama na kuwatania wenzake mmoja mmoja, halafu walimu kuanzia mdogo mpaka mkuu wa chuo.

Yalikuwa na taratibu zake, na mwalimu alinifundisha kama alivyotufundisha kuunga mbao. Unaanza kwa kujitania mwenyewe, ili watu wajue kisu unachokitumia umekwisha kukijaribu kwenye mkono wako. Hugusi mwili wa mtu, hugusi umaskini wa kwao, hugusi siri ya mapenzi. Unamtania mtu kwa jambo ambalo alilifanya mbele ya watu wote. Unamtazama unayemtania, humtazami mgeni rasmi. Watu wakicheka, unanyamaza mpaka kicheko kiishe chenyewe, kwa sababu ukisema juu ya kicheko maneno yanapotea. Wewe mwenyewe hucheki. Na ukishampiga mtu, unampitishia randa, yaani unamalizia kwa sifa moja ya kweli, fupi, ili asibaki na kibanzi.

Kisha yule aliyetaniwa anasimama na kujibu. Sentensi moja tu. Anaweza kukurudishia, anaweza kusema "Nimepokea," lakini lazima asimame. Asiyesimama amekasirika, na aliyekasirika siku hiyo alichekwa mpaka jioni.

Na kulikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeitamka. Wote wanatajwa. Mwaka uliotutangulia tulikaa nyuma, sisi wa mwaka wa kwanza, tukasikiliza. Msemaji wao alikwenda mtu kwa mtu kwa jinsi walivyokuwa wamekaa, akafika kwa kijana mmoja, akamruka. Kijana yule alikuwa amekutwa na randa mbili za chuo kwenye begi lake, akafukuzwa, akaruhusiwa kuja kukaa tu kwenye mahafali kwa sababu ya wazazi. Hakuna aliyesema neno juu yake, na ukimya ule ulisikika kuliko utani wote. Tukitoka pale rafiki yangu aliniambia, "Bora nitukanwe mpaka babu yangu, kuliko kurukwa vile."

Mimi naandika polepole. Nikiandika herufi naitazama kwanza kama naikata kwenye ubao. Kwa hiyo tulianza kazi ile mapema, mimi na yeye, kila siku baada ya chakula cha mchana, tukiwa tumekaa juu ya maranda yaliyoanguka kwenye mbao. Yeye alisema, mimi niliandika, halafu tulikata. Nilijifunza kwamba utani mrefu ni mbaya. Alikuwa anasema, "Soma." Nasoma. "Umecheka mwenyewe ulipoiandika?" Nasema sikucheka. "Basi kata."

Kijana wa Ipelele tulimpatia utani wake mapema. Alikuwa ametengeneza kigoda cha mtihani chenye miguu minne isiyolingana. Tuliandika kwamba mguu mmoja wa kigoda chake ulikuwa unapanda Ipelele na mwingine unashuka Makambako, na kwamba kwa kuwa yeye ni Mkinga, na Wakinga hawatupi cha kuuza, hakukitupa, alikaa akisubiri mteja mwenye nyumba mlimani. Msichana pekee wa darasa letu tulimwandikia kwamba yeye tu ndiye angemaliza chuo akiwa na vidole kumi vilivyonyooka, sisi wengine tukisalimiana tunahesabu kwanza.

Mwalimu wa nidhamu alikuwa na tabia ya kukohoa kwa nguvu nje ya bweni kabla hajaingia kutafuta simu. Tuliandika tunamwombea kifua chake kisipone, maana siku kitakapopona sote tutafukuzwa. Mkuu wa chuo husema "maneno mawili tu," na tuliandika kwamba tumejifunza hesabu upya, kwa sababu mawili yake huanza maharage yakiwa jikoni na huisha yakiwa yameungua.

Mwalimu wetu wa useremala ndiye aliyetusumbua. Kwa miaka miwili, kazi yoyote ukimpelekea, iwe nzuri au ya kutia aibu, aliitazama akasema, "Siyo mbaya." Hatukujua ni sifa au ni adhabu. Rafiki yangu ndiye aliyeleta mwisho wake. "Andika hivi. Mwalimu alipopata mtoto tukaenda kumpongeza. Tukamuuliza, mwalimu, mtoto yukoje? Akasema, siyo mbaya." Niliiandika nikiwa nacheka mpaka kalamu ikateleza, naye akasema, "Hiyo usikate."

Alibaki rafiki yangu mwenyewe. Nilimwambia siwezi kumwandika akiwa amekaa hapo. Akasema andika tu, unaogopa nini, unajua ni kitu gani.

Nilijua. Kila mtu alijua. Ijumaa alikwenda kwao Makambako na Jumatatu alirudi amechelewa, kila mara, na kila mara alikuwa na sababu. Basi limeharibika. Mvua. Mara ya kwanza aliyotaja msiba, alisema amefiwa na bibi, mama wa mama yake. Mwalimu akampa pole na ruhusa ya siku mbili. Baada ya miezi michache akafiwa tena na bibi. Mara ya tatu mwalimu alivua miwani akaanza kuifuta.

"Kijana, una mabibi wangapi?"

"Mwalimu, ni yule yule. Nafikiri hatukumzika vizuri."

Hata mwalimu alicheka. Mara ya nne hakuuliza, alisema tu, "Mpe salamu bibi." Hivyo niliandika: Mwenzetu huyu ndiye mtu pekee Tanzania aliyemzika bibi mmoja mara nne, na bibi bado anamtumia salamu. Tukimaliza chuo tunamwomba afungue duka la majeneza, mteja anaye.

Nilimsomea. Alilala chali juu ya maranda akicheka. "Jeneza lisiwe la paini," alisema. "Atatoka tena." Akaniambia nisome mara ya pili. Sehemu ya sifa, randa yenyewe, nilikuwa sijaandika. Nilimwambia nitaimaliza kesho. Nilitaka niiandike peke yangu, asiione mpaka siku yenyewe.

Wiki ile alianza kukohoa. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza na bweni lilikuwa na unyevu, na sisi tulimwambia anamwigiza mwalimu wa nidhamu. Siku ya Alhamisi hakuweza kushika msumeno. Walimpeleka hospitali, wakasema homa ya mapafu, na mama yake akaja kutoka Makambako kumuuguza. Nilimwona mara moja tu huko, amewekewa mpira wa hewa puani. Alinionyesha kwa kidole kama mtu anayeandika hewani. Nikamwambia, "Naendelea." Alifariki Jumatatu asubuhi. Zilikuwa zimebaki wiki tatu kufika mahafali.

Tulikwenda kumzika Makambako kwa gari la chuo. Nyumba yao iko upande wa reli. Tulipoingia uani kutoa pole nilimwona mwanamke mzee sana amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, macho yake yana utando. Nikauliza ni nani. Mtu mmoja akasema, "Huyo ni bibi wa marehemu, mzaa mama." Tulitazamana, sisi wa darasa. Kijana wa Ipelele aligeuka akauelekea ukuta, akakaa hivyo mpaka walipotuita kubeba.

Jeneza tulilitengeneza wenyewe. Mwalimu alikagua kila kona kwa mkono, hakusema siyo mbaya.

Nilikuwa nimefikiri maneno ya kuaga yangefutwa. Mkuu wa chuo alisema hapana, mgeni rasmi amealikwa, wazazi wamealikwa, na kwenye risala itakuwepo dakika moja ya ukimya kwa ajili ya mwenzetu. Utaratibu ulitaka maandishi yangu yapitishwe na mwalimu wa nidhamu, kama ya msemaji yeyote. Nilimpelekea daftari. Alisoma akiwa na kalamu nyekundu. Alifuta mstari mmoja uliomhusu mpishi, akacheka kidogo kwenye kikohozi chake. Kisha akafika kwenye ukurasa wa bibi. Akakaa nao muda mrefu.

"Huu sitaufuta," alisema. "Na sitaupitisha. Huu nakuachia mwenyewe."

Angeufuta ningeshukuru. Angeupitisha pia ningeshukuru. Nilitembea na daftari lile siku nne. Nilijisomea chooni, nilijisomea karakanani. Nikisema "majeneza" sauti ilikatika. Nilijaribu kuandika utani mwingine juu yake, kuhusu viatu vyake, kuhusu wimbo alioupiga mluzi, lakini hakuna aliyekuwepo wa kuniambia kata. Mwisho niliamua nitausoma kama ulivyo. Alikuwa ameusikia, alikuwa ameucheka, ulikuwa wake.

Siku ya mahafali turubai lilikuwa limefungwa uwanjani na mvua ilikuwa inanyesha pembeni. Vyeti vilitolewa. Mshereheshaji akaniita, akaniwekea kipaza sauti karibu na mdomo. Nilianza na mimi: "Mwalimu akiita majina saa mbili, mimi huitika, na sauti yangu humfikia saa sita." Walicheka. Nilinyamaza mpaka kikaisha, kama nilivyofundishwa. Nilipomfikia kijana wa Ipelele, alisimama akanirudishia, "Kile kigoda nimekwisha kukiuza, na aliyenunua ni mama yako." Turubai lilitikisika. Nilipata nguvu. Sikuwahi kujua kwamba watu wengi wanaweza kuwa mkononi mwako hivyo, ukiwaachia wanakwenda, ukiwavuta wanarudi.

Nilifuata jinsi tulivyokaa darasani. Baada ya msichana wa vidole kumi ilikuwa zamu ya meza yetu. Nikainua macho nimtazame wa kumtania, kwa sababu ndiyo kanuni, na mahali pale palikuwa na kiti ambacho darasa lilikiacha wazi. Nyuma ya kiti kile, mstari wa wazazi, alikuwa amekaa mama yake. Alikuwa amejifunga kitenge cheusi kiunoni. Alikuwa ananitazama, ameinamisha mwili mbele, mikono imeshikana magotini.

Nikaona jeneza. Nikaona nikilitaja mbele ya mwanamke huyo. Nikafunua kurasa mbili kwa mara moja.

Niliendelea na aliyefuata. Niliwaendea walimu. Mtoto wa "siyo mbaya" aliangusha watu kwenye viti, mgeni rasmi alitoa kitambaa akajifuta machozi. Mwalimu wangu alisimama kujibu, akasema, "Maneno yako siyo mabaya," na watu wakapiga makofi, lakini aliposema hivyo hakuwa anacheka. Alikuwa anakitazama kile kiti. Alikuwa amesikia kwamba nimemruka mtu. Nadhani wote wa darasa letu walikuwa wamesikia.

Wakati wa chakula nilikaa nyuma ya jiko. Mama yake alinifuata huko, ameshika mwavuli ambao hakuufungua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hongera. Umesema vizuri." Alipangusa matone ya mvua usoni. "Wangu umemruka."

"Mama, niliogopa."

"Uliogopa nini?"

Nilitazama mwavuli wake. Akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza njia, "Aliniambia nyumbani kuhusu yule wa mwaka jana. Aliniambia kwenu anayerukwa ni yule aliyefukuzwa, aliyeiba. Nimekuja na basi la alfajiri kusikia wangu amewekewa nini. Nimekaa pale nasubiri. Sasa nikuulize mwanangu, kuna jambo alilifanya hapa ambalo mnanificha?"

Nilisema hapana mama, hapana, hapana. Nilisema kwa haraka mno, na yeye alitikisa kichwa kama anayekubali ili asinitie aibu. Kisha alikwenda kupanda gari la chuo lililokuwa linawashusha wazazi stendi. Niliona kwamba hakuniamini. Utani ambao mtoto wake mwenyewe aliucheka, mimi nilikuwa nimeugeuza kuwa shtaka.

Siku ya tatu nilipanda basi kwenda Makambako. Nilibeba daftari ndani ya shati. Kutoka stendi nilitembea mpaka upande wa reli, nikasimama nje ya ua wao muda mrefu, mpaka sauti ya mzee ikasema kutoka ndani, "Anayesimama hapo aingie, asinizuie jua."

Alikuwa bibi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda ukutani. Macho yake yaliona kivuli tu.

"Kamwene bibi," nilimsalimia.

"Kamwene. Sauti ya kijana. Wewe ni mume wangu yupi?"

Nilimwambia mimi ni yule wa meza moja na mjukuu wake. Mama alitoka jikoni akijifuta mikono, akanitazama, akalitazama shati lililotuna.

"Mama, nimeleta niliyoyaruka," nilisema. "Nilitaka kukusomea. Hakufanya kitu kibaya. Ni utani tu, na ulikuwa juu ya, ulikuwa juu ya msiba. Ndiyo maana."

"Msiba gani?"

Nikamtazama bibi.

Bibi akasema, "Kijana, ukiwa na maneno yangu yaseme. Mjukuu na bibi ni watani. Nani mwingine atamjibia, kama siyo mimi? Mama mtu hawezi, mama kazi yake ni kulia."

"Basi soma," mama alisema. Akaleta kigoda kingine akakaa.

Nikafungua ule ukurasa, lakini bibi akainua mkono. "Usianze na wangu. Anza mwanzo, na wenzake wote. Akae kwenye foleni yake."

Nilisoma tangu mwanzo. Kwa sauti yangu, pale uani, kuku wakipita. Mama alicheka kwenye ule wa vidole kumi. Kisha nikafika. Mwenzetu huyu ndiye mtu pekee Tanzania aliyemzika bibi mmoja mara nne, na bibi bado anamtumia salamu. Nilisoma mpaka mwisho, na neno lile la majeneza nililisema.

Mama alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Sikujua ni nini kiko nyuma ya mkono ule. Bibi mabega yake yalitikisika, nikaogopa, halafu nikasikia ni kicheko, kidogo, kikavu, kisichokuwa na meno.

"Mara nne!" alisema. "Na mimi hata maji ya msiba sikupata." Akageuza uso kwa mwanawe. "Unasikia? Hizo ni Jumatatu zangu."

Ndipo nikaelezwa. Jumatatu mama huondoka mapema sana kwenda kununua viazi mashambani, na bibi hawezi kujichotea maji wala kuona moto. Rafiki yangu alikuwa akibaki kumwogesha, kumpikia uji, na kumtoa nje aote jua, halafu ndipo anapanda basi la kuja Njombe. Kwenye siku ambazo bibi aliumwa zaidi alikaa siku mbili. Hizo ndizo zilizokuwa siku za mazishi. Chuoni hakusema. Mvulana kumwogesha bibi yake, tungemtania kwa hilo miaka yote miwili, na huo usingekuwa utani wa kucheka naye, ungekuwa wa kumcheka.

"Kwenu aliyetaniwa anasimama," mama alimwambia bibi. Kumbe rafiki yangu alikuwa amemweleza mama kila kitu.

"Basi nisimamisheni."

Tulimshika huku na huku. Alikuwa mwepesi sana. Alielekeza uso upande wa barabara, ambako nadhani ndiko alikomwona akitokea kila Ijumaa, kivuli kile.

"Yeye alinizika mara nne, kila mara nikarudi," alisema. "Mimi nimemzika mara moja tu."

Tukamkalisha. Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyetakiwa kucheka. Treni ya mizigo ilipita, ndefu, tukangoja iishe.

"Bado," mama alisema. "Kila mmoja uliyemsoma ulimaliza na sifa. Yake iko wapi?"

Nilimwonyesha ukurasa. Chini ya utani palikuwa peupe. Nilimwambia kwamba nilipanga kuiandika kesho yake, na kesho yake alianza kukohoa, na tangu hapo kila ninachokiandika kinafanana na maneno ya kwenye kaburi la mtu yeyote.

"Usiandike. Sema."

Mimi siwezi kusema bila karatasi. Lakini walikuwa wawili tu, na mmoja haoni.

Nikasema kwamba darasani mwalimu alikuwa anaandika ubaoni vipimo, halafu anafuta haraka aandike vingine. Mimi nilikuwa sijafika hata nusu. Wiki ya kwanza nilitaka kuacha chuo kwa sababu hiyo. Rafiki yangu akaona. Basi mwalimu akishika kifutio, yeye alinyoosha mkono na kuuliza swali. Swali lolote. Mwalimu, kwa nini mbao ya mlingoti inapinda ikikauka? Mwalimu, msumari wa zamani ulikuwaje? Wenzetu walidhani anapenda kujionyesha, mwalimu alimwita mbishi. Alikuwa anauliza mpaka aone nimeinua kalamu yangu. Kwa miaka miwili. Hakuwahi kuniambia, wala mimi sikuwahi kumshukuru, kwa kuwa kumshukuru kungekuwa kusema kwa sauti kwamba mimi ni mzito.

Mama aliugusa ukurasa kwa kidole, pale palipokuwa peupe. Kisha akasema, "Hilo hakuniambia."

Akaenda ndani, akarudi na kalamu, akafungua kifuniko chake, akanipa. "Liandike hapo palipobaki. Uniachie ukurasa huo."

Niliweka daftari juu ya goti. Nilianza kuandika, herufi kwa herufi, na uji ulikuwa jikoni na bibi alikuwa anataka kuhamishwa kivulini, lakini hawakuinuka. Walikaa pale wote wawili, mpaka nilipomaliza.